Punguzo la asilimia 2 na tarehe ya mwisho iliyokuwa na majibu matatu: kisa cha muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwenye biashara. Jina, mji na majina ya wateja nimeyaondoa, na kiasi cha fedha nimekikaribisha kwenye tarakimu nzima. Mimi nilikuwa mhasibu wao wa nje, niliyekwenda ofisini siku mbili kwa wiki. Baadhi ya makosa yaliyomo humu yalipita mikononi mwangu.

Hali ilivyokuwa

Biashara ni ya mama mmoja aliyeanza na duka dogo la misumari na rangi, na sasa anauza kwa jumla bati, nondo na saruji kwa maduka ya hadiwea 38 katika mkoa wake na wilaya za jirani. Karibu mauzo yake yote ni ya mali kauli: duka linachukua mzigo leo, linalipa baada ya siku 30. Hivyo ndivyo ankara ilivyosema. Nilipopitia daftari la wadaiwa, nikakuta wastani halisi wa kulipwa ni siku 47. Hakuna aliyetozwa chochote kwa kuchelewa, na kila mtu alilijua hilo.

Mauzo ya mwezi yalikuwa kama shilingi milioni 180. Kwa siku 47, maana yake wakati wowote ule kulikuwa na milioni 280 hivi za Mama zikizunguka katika maduka ya watu wengine. Pengo hilo alilijaza kwa ovadrafti ya benki yenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi. Lililomuuma zaidi lilikuwa jambo jingine. Kiwanda kinachomuuzia nondo kinampa punguzo la asilimia 1.5 anayelipia mzigo kabla haujapakiwa, na yeye kwa miezi minane mfululizo alikuwa hajalipata hata mara moja, kwa sababu fedha haikuwepo siku ya kuagiza.

Mwishoni mwa Aprili akaamua kuwapa wateja wake punguzo kama lile anyimwalo yeye.

Ujumbe wa kwanza

Karani wa mauzo aliuandika na kuutuma kwa simu kwa wateja wote jioni moja:

"Ndugu wateja wetu wapendwa, kuanzia mwezi wa tano tunatoa punguzo la asilimia 2 kwa watakaolipa mapema ndani ya siku 10. Karibuni sana, mteja ni mfalme."

Niliuona kesho yake asubuhi. Niliona una mapungufu, lakini nikadhani tutayarekebisha tukiendelea. Ndilo kosa langu la kwanza.

Ugomvi wa kwanza ulifika mwezi ukiwa katikati. Duka moja lilichukua nondo za shilingi 10,000,000, na VAT ya asilimia 18 ikafanya ankara kuwa 11,800,000. Ankara iliandikwa Alhamisi tarehe 2 Mei. Lori likaharibika njiani, mzigo ukashushwa dukani Jumatatu tarehe 6. Mwenye duka akaleta hundi mkononi Jumatano tarehe 15, na fedha ikaonekana kwenye akaunti yetu Ijumaa tarehe 17.

Je, alilipa ndani ya siku 10? Karani alihesabu kutoka tarehe ya ankara, akapata kwamba mwisho ulikuwa Jumapili tarehe 12, siku ambayo hata benki haifunguliwi. Mteja alihesabu kutoka siku aliyoupokea mzigo, akapata tarehe 16, na hundi alikuwa ameshaikabidhi tarehe 15. Mimi nilitazama taarifa ya benki na kuona tarehe 17, siku moja baada ya mwisho wake yeye mwenyewe. Watu watatu, tarehe tatu, na hakuna hata neno moja katika ujumbe ule lililoweza kutuamua. Mama alimpa punguzo, na ilikuwa haki kumpa, maana kauli isiyoeleweka humlemea aliyeitoa.

Halafu tukagundua ugomvi wa pili ndani ya huo wa kwanza. Mteja alikuwa amekata 236,000, yaani asilimia 2 ya ankara nzima. Karani alitarajia 200,000, asilimia 2 ya bei ya nondo bila kodi. Tofauti ya 36,000 ilikuwa ni sehemu ya VAT. Risiti ya EFD ilishatolewa kwa 11,800,000, kwa hiyo sisi tungepeleka serikalini VAT ya 1,800,000 kama kwamba hakuna punguzo, na mteja naye angedai kodi hiyo hiyo nzima kwenye hesabu zake. Bila krediti noti ya kurekebisha ankara, zile 36,000 zingetoka mfukoni mwa Mama. Kwa mteja mmoja ni kidogo, lakini Mei hiyo wateja waliokata punguzo walikuwa 17, na hatukuwa tumetoa krediti noti hata moja.

Tulichokiona mwisho wa Mei

Punguzo la mwezi ule lilifika shilingi milioni 1.9. Nilikaa jioni nzima nikilinganisha kila aliyelipata na tabia yake ya miezi sita iliyopita, na hapo ndipo nilipoelewa hasa kilichotupata. Karibu milioni 1.3 zilikwenda kwa wateja ambao tangu zamani walikuwa wakilipa ndani ya wiki mbili hivi. Mtu aliyekuwa akilipa siku ya 15 akilipa siku ya 10, ametuokolea riba ya siku tano, ambayo kwa ovadrafti yetu ni robo ya asilimia moja. Sisi tumemlipa asilimia mbili kwa hilo.

Kwa anayelipa siku ya 47, hesabu ni tofauti. Akija siku ya 10 ametuokolea siku 37, na riba yake ni kama asilimia 1.85. Hapo asilimia 2 inakaribia kujilipa yenyewe. Kwa hiyo punguzo lile lile lilikuwa hasara kubwa kwa mteja mmoja na karibu sawa kwa sawa kwa mwingine.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mama aliliona kabla yangu. Mteja mmoja mkubwa alikuwa na ankara ya Machi haijalipwa, na ankara mpya ya Mei ameilipa siku ya nane akachukua punguzo. Mama alisema, "Huyu ametoa hela mfuko wa kushoto akaiweka wa kulia, na mimi nimemlipa kwa kuihamisha." Wengine wanne walikuwa wamelipa siku ya 14, ya 19, hata ya 25, na bado wakajikatia asilimia 2 wenyewe. Karani alizipokea fedha zao na kuacha vibaki vya 80,000 hapa na 150,000 pale, ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvidai.

Uamuzi wa pili na sababu zake

Juni tulisimamisha punguzo lote. Tulikaa watatu: Mama, karani na mimi. Sikutaka tuanze na asilimia ngapi. Nilitaka tuanze na swali moja: mteja akisimama mlangoni saa tisa na nusu alasiri akiwa na fedha, karani atajuaje, bila kumpigia mtu simu, kama punguzo lipo au halipo?

Tarehe ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko vyote. Tulikubaliana kwamba siku 10 zihesabiwe kuanzia siku mteja anaposaini hati ya kupokelea mzigo, si siku ya ankara. Lori kuharibika ni shida yetu, na si haki impunguzie mteja siku zake. Karani alipinga kwa sababu ya kazi: ankara hutoka kabla ya mzigo, kwa hiyo tarehe ya mwisho isingeweza kuchapwa juu yake. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Tukatengeneza muhuri wenye nafasi tupu, dereva akaja nao, na mzigo ukishushwa anaandika tarehe kwa kalamu kwenye nakala zote mbili, mteja anasaini chini yake. Tarehe hiyo huandikwa kwa jina la siku, nambari na saa, kwa mfano "Alhamisi 18 Julai, saa 10:00 jioni". Neno "siku 10" halikubaki popote kwenye ankara.

Kuhusu kipi kihesabike kuwa malipo, tulichagua fedha kuonekana kwenye akaunti yetu. Hundi huchukua muda benki kati ya kuwekwa na kuonekana, kwa hiyo mwenye hundi tulimtaka ailete siku tatu za kazi kabla. Anayelipa kwa simu kupitia lipa namba au kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kutoka benki moja hadi nyingine siku hiyo hiyo, anaweza kusubiri hadi siku yenyewe.

Saruji tuliitoa. Faida ya Mama kwenye mfuko wa saruji ni kama asilimia 3, na kutoa 2 kati ya hizo ni kuuza kwa ajili ya kubeba mizigo tu. Bati na nondo zilikuwa na nafasi. Lakini tuliweka sharti kwamba ankara ilipwe yote, pamoja na saruji iliyomo, ndipo punguzo la bati na nondo lipatikane. Sharti hili moja lilituletea fedha nyingi kuliko nilivyotegemea.

Mimi nilipendekeza ngazi mbili: asilimia 2 kwa siku 10, asilimia 1 kwa siku 20. Mama alikataa. Alisema karani ana wateja 38 na simu isiyonyamaza, na kila ngazi ni mlango wa ubishi. Nilikasirika kidogo siku ile. Sasa naona alikuwa sahihi kabisa.

Barua yenyewe

Hii ndiyo barua tuliyoipeleka kwa mkono kila dukani, na kila mteja alisaini nakala:

"YAH: PUNGUZO LA MALIPO YA MAPEMA, 8 JULAI HADI 31 OKTOBA

Ndugu mteja,

Kwa mzigo utakaoupokea kati ya Jumatatu 8 Julai na Alhamisi 31 Oktoba, utapata punguzo la asilimia 2 ya bei ya bati na nondo, kabla ya VAT. Saruji na gharama ya usafiri hazina punguzo.

Tarehe ya mwisho ya kila ankara itaandikwa na dereva mbele yako siku unapopokea mzigo. Ni siku ya kumi baada ya kupokea. Ikiangukia Jumapili au sikukuu, itasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata.

Utapata punguzo ikiwa ankara yote imelipwa na fedha imeonekana kwenye akaunti yetu kabla ya saa 10:00 jioni ya tarehe hiyo, na ikiwa huna ankara nyingine iliyopitisha siku 30. Hundi iletwe siku tatu za kazi kabla.

Kwenye ankara utaona kiasi cha aina mbili: cha kulipa hadi tarehe ya mwisho, na cha kulipa baada yake. Tafadhali lipa kimojawapo bila kukata mwenyewe. Ukilipa kile cha mapema, tutakupa krediti noti ndani ya siku tatu.

Baada ya 31 Oktoba punguzo hili litakuwa limekwisha, isipokuwa tutakapokuandikia tena."

Vile viasi viwili kwenye ankara ndivyo vilivyomaliza tabia ya kujikatia. Ankara ya nondo ya 11,800,000 sasa ilisema: hadi tarehe ya mwisho, 11,564,000, baada yake, 11,800,000. Punguzo ni 200,000 za bei na 36,000 za VAT yake, na krediti noti inarekebisha vyote viwili kwetu na kwa mteja. Mteja hapigi hesabu, na kwa hiyo hakosei hesabu.

Miezi minne

Jaribio la kwanza la kweli lilikuja Agosti. Duka moja lilipokea mzigo Jumatatu tarehe 29 Julai, na siku ya kumi ikaangukia Alhamisi tarehe 8 Agosti, Nane Nane. Dereva, kwa mazoea, aliandika tarehe 8. Mteja akapiga simu: barua inasema sikukuu husogezwa, muhuri unasema 8, nifuate kipi? Karani alimjibu papo hapo kwamba ni Ijumaa tarehe 9, akamwandikia ujumbe wa kuthibitisha. Simu ilichukua dakika mbili. Ugomvi wa Mei ulikuwa umechukua siku sita.

Lililokuwa gumu zaidi lilitokea Septemba. Mzee mmoja aliyekuwa mteja wa Mama tangu duka la misumari alituma fedha kwa benki siku yake ya mwisho mchana, mtandao wa benki yake ukawa chini, fedha ikaonekana asubuhi ya pili yake. Alikuja mwenyewe na karatasi ya benki. Mama alimkaribisha, akampa chai, akamwambia, "Mzee wangu, nikikupa wewe, nitawapa na wale wanaodanganya." Hakumpa punguzo. Alimwambia mzigo wake ujao atapelekewa bila nauli. Mzee aliondoka ameridhika, na bado ni mteja.

Sikubaliani moja kwa moja na alivyofanya. Nauli ile ilikuwa zaidi ya punguzo lenyewe, na wiki mbili baadaye mteja mwingine aliuliza kama naye anaweza kupata "ya mzee". Ningependa tungeandika tangu mwanzo kwamba karatasi ya benki yenye saa ya kutuma inatosha pale mtandao unaposhindwa. Tuliacha pengo, na Mama akalazimika kuliziba kwa heshima yake binafsi.

Matokeo

Kufikia mwisho wa Oktoba wastani wa kulipwa ulishuka kutoka siku 47 hadi siku 36. Wateja 14 walikuwa wakichukua punguzo karibu kila mwezi. Watano kati yao walikuwa wale wa kulipa mapema tangu zamani. Tisa walikuwa wa siku 30 hadi 50, na hao ndio tuliowataka. Bati na nondo zilizolipwa mapema zilifika kama milioni 55 kwa mwezi kabla ya VAT, hivyo punguzo lilitugharimu milioni 1.1. Deni lililokuwa nje lilipungua kwa milioni 66, na riba tuliyookoa ilikuwa kama 990,000 kwa mwezi.

Ukisimama hapo, mpango huu unakula zaidi kidogo kuliko unavyoingiza: tunatoa 1,100,000, tunaokoa 990,000. Kilichougeuza ni kiwanda. Septemba na Oktoba Mama alilipia nondo kabla hazijapakiwa, milioni 60 kila mara, na asilimia 1.5 yake ni 900,000. Kwa muuzaji asiye na punguzo la namna hiyo kutoka juu, au asiye na ovadrafti ghali, nisingeshauri asilimia 2. Ningeanza na 1.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Wateja 11 wa mwisho kabisa, wale wa siku 60 na zaidi, hawakubadilika hata kwa siku moja. Nilidhani punguzo litawavuta. Nilipowatembelea wawili wao niliona rafu tupu na wateja wao wenyewe wanaodaiwa. Hawakosi hamu ya kuokoa asilimia 2. Wanakosa fedha, na asilimia 2 ya fedha usiyo nayo si kitu. Kwa hao dawa ilikuwa ni kupunguza mali kauli, jambo ambalo tulilianza Novemba na lina machungu yake.

Lililonifunza zaidi ni thamani ya tarehe nyingine, ile ya siku 30. Vitabu vya uhasibu huandika masharti kama yetu hivi: `2/10, n/30`, yaani asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, la sivyo ulipe yote ndani ya siku 30. Mteja anayekataa asilimia 2 ili akae na fedha siku 20 zaidi analipa sawa na riba ya karibu asilimia 37 kwa mwaka, na mwenye akili anaweza hata kukopa benki alipe mapema. Lakini hesabu hiyo ni kweli tu kama siku ya 30 atalipa. Kwetu alikuwa anaweza kulipa siku ya 47 bila kuulizwa. Fedha hiyo hiyo akiikalia siku 37 badala ya 20, gharama yake inashuka hadi asilimia 20 hivi, karibu sawa na riba ya benki, na kishawishi cha kuwahi kinakufa. Tulikuwa tunapunguza nguvu ya punguzo letu wenyewe kwa kuacha siku ya 30 iwe maneno matupu. Sharti la kutokuwa na ankara iliyopitisha siku 30 lilirudisha sehemu ya nguvu hiyo, na naamini hapo ndipo walipopatikana wale tisa.

Muhuri wa dereva nao ulikuwa na upungufu wake. Tulikagua ankara 60 za Agosti na kukuta nne ambazo tarehe ilikosewa, zote kwa dereva mmoja aliyekuwa akihesabu siku ya kupokea kuwa siku ya kwanza. Zote zilimpunja mteja siku moja, kwa hiyo tukazisahihisha, na dereva akapewa kalenda ya mfukoni yenye tarehe zimeshahesabiwa.

Novemba Mama aliandika barua mpya ya kuanzia Januari. Asilimia imebaki 2 kwa nondo, imeshuka hadi 1 kwa bati, na kuna mstari mmoja mpya kuhusu karatasi ya benki yenye saa ya kutuma.